Kiraka cha Mwisho

Rasimu ya kwanza niliyoandika kuhusu kifo cha baba mdogo, fundi baiskeli, ilianza hivi: “Ametuachia pengo lisilozibika. Siku ile moyo wangu ulipasuka vipande vipande, na machozi yakanibubujika kama mvua ya masika.” Niliipenda kwa sababu niliiandika nikilia. Baada ya wiki tatu niliisoma tena, nikafuta jina lake na kuweka la jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu. Sentensi zote mbili zilimkaa sawasawa, kama kanzu ya kuazima inayomwenea kila mtu. Nikajua kwamba baba mdogo hayumo.

Tangu hapo kipimo changu cha kwanza ni hicho cha kubadilisha jina. Sentensi inayoweza kuhamia kwa marehemu mwingine bila kulalamika, naitoa. Maneno yenyewe si mabaya. Msibani yanafanya kazi kubwa: mtu akikushika mkono na kusema “poleni, kazi ya Mungu haina makosa,” hakupi habari, anakaa nawe. Katika makala yangu niliacha jirani aseme hivyo hivyo, kwa kuwa ni kinywa chake na ndivyo alivyosema. Nilichokata ni pale mimi, mwandishi, nilipoazima sauti ya msibani ili nisitazame.

Mwaka 1892 Anton Chekhov, aliyekuwa daktari pia, alimwandikia mwandishi mwenzake Lidia Avilova kwamba anapoeleza watu wenye dhiki, ajitahidi kuwa baridi kidogo, maana ubaridi huo huipa huzuni yao mandhari ya nyuma, nayo ikaonekana wazi zaidi. Nimeusoma ushauri huo mara nyingi, na kwa muda nilidhani unahusu kufuta tu. Basi nikafuta. Vivumishi vikaenda, “majonzi” na “simanzi” zikaenda, na kila sentensi iliyokuja baada ya tukio kumweleza msomaji alihuzunikie vipi.

Kilichobaki kilikuwa safi, na bado kilikuwa cha uongo.

Ilinichukua muda kuona sababu. Baba mdogo alikuwa akiandika jina la mteja kwa chaki kwenye siti ya kila baiskeli aliyoitengeneza. Alipofariki zilibaki nne, na baada ya mazishi wenyewe wakaja kuchukua tatu. Ya nne jina lake lilikuwa limefutika. Nilimalizia makala hapo: baiskeli imeegemea ukuta, haina jina, inasubiri. Hakuna chozi wala tamathali, lakini nilikuwa nimemkonyeza msomaji. Nilikichagua kitu hicho kwa sababu kilijua kulia kwa niaba yangu. Huzuni ya kujipamba huingia hata kwa njia hiyo, ndani ya vitu: saa iliyosimama, kikombe kisichooshwa, viatu mlangoni. Dalili yake huisikia nikisoma kwa sauti: nikifika mahali pale sauti yangu hulainika yenyewe, kama ya mtu anayejua anatazamwa.

Ndipo nilipojiuliza swali ninalolithamini kuliko yote katika kazi hii: ni kipi nilikiacha nje kwa sababu kingeiharibia huzuni sura yake? Jibu lilikuja mara moja, na lilinitia aibu. Baiskeli ile haikubaki ukutani. Mwenyewe alikuja mwezi wa nne. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemfuta kabla hata sijaandika, kwa kuwa hakulia, na kwa kuwa alikuja kubishana bei.

Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi ya kupunguza. Maneno ya kilio huchukua nafasi, na yakiondoka, waliokuwa wamesukumwa nje hurudi. Mteja yule alirudi na kofia yake na ubishi wake, na nyuma yake akaja mama mdogo, ambaye katika rasimu ya kwanza alikuwa “mjane aliyejaa uchungu” na hakuwa na hata sentensi moja ya kusema.

Sasa makala inaishia hivi. Mteja anataka apunguziwe kutoka elfu tatu hadi elfu mbili. Anasema, “Fundi mwenyewe hayupo. Kiraka kikiachia, nitamrudia nani?” Mama mdogo hajibu. Anaingia ndani, anatoka na beseni la maji, anachuchumaa na kuling’oa tairi kwa spana za marehemu. Anachomoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha na kuizungusha taratibu, kipande kwa kipande, uso wake karibu na maji. Kiraka kinapita chini ya vidole vyake. Anakirudisha, anakitazama tena. Hakuna povu.

Mteja akatoa elfu tatu.