Dola 20 Zinavyofika Sh66,174: Kuchambua Makato ya Kadi kwa Huduma za Nje

Huduma ya mtandaoni inatangazwa kwa dola 20 kwa mwezi. Mteja wa Dar es Salaam anailipia kwa kadi ya akaunti yake ya shilingi. Mwisho wa mwezi taarifa ya akaunti ina mistari miwili: Sh63,814.40 za malipo, na chini yake Sh2,360 zilizoandikwa kuwa ni ada ya muamala wa nje, kodi ikiwemo. Jumla Sh66,174.40. Namba hizi ni za mfano, na kiwango cha Sh2,600 kwa dola nitakachokitumia ni cha mfano pia, lakini taarifa nyingi za kadi hujengwa hivi, na hesabu yake haibadiliki.

Kwanza tuondoe kisichohusu benki. Tanzania inatoza VAT kwenye huduma za kielektroniki zinazouzwa na kampuni zisizo na makazi nchini; mfano huu unatumia asilimia 18. Kenya inatoza asilimia 16. Muuzaji akiiongeza, dola 20 zinakuwa dola 23.60 kabla kadi haijaguswa. Risiti inayotumwa kwa barua pepe ndiyo inayoonyesha kiasi hicho, na ndiyo ya kuanzia hesabu. Anayeanza na bei ya tangazo ataibebesha benki Sh9,360 ambazo zimekwenda serikalini.

Sasa mstari wa kwanza. Gawanya shilingi ulizokatwa kwa dola zilizo kwenye risiti: 63,814.40 kwa 23.60 ni 2,704. Hicho ndicho kiwango ulichouziwa dola, na taarifa nyingi hazikiandiki popote. Kukijua peke yake hakutoshi, lazima ukilinganishe na kingine, na hapa ndipo wengi hukosea. Hukimbilia kiwango cha Benki Kuu au kile kinachotokea kwenye utafutaji wa simu. Visa na Mastercard hupanga viwango vyao vya kila siku kutokana na soko la jumla la fedha, na hivyo vinaweza kutofautiana kidogo na cha Benki Kuu. Kama nia yako ni kujua benki yako imeongeza kiasi gani, linganisha na kiwango cha mtandao wa kadi yako. Mitandao yote miwili ina kikokotoo cha wazi kwenye tovuti yake. Unaweka sarafu ya kadi, sarafu ya muamala, kiasi na tarehe, na kwenye kisanduku cha ada ya benki unaandika sifuri.

Tuseme kikokotoo kinatoa 2,600. Malipo yangekuwa Sh61,360. Umekatwa Sh2,454.40 zaidi, yaani asilimia 4 kamili. Hiyo ni nyongeza ya benki, nayo haina mstari wake kwa sababu imefichwa ndani ya kiwango chenyewe. Ukijumlisha na ada ya Sh2,360, gharama ya kubadilisha na kuvusha malipo inafika Sh4,814.40, karibu asilimia 8. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo baya zaidi katika taarifa za kadi: mteja anaiona ile ada ndogo na kudhani ndiyo gharama yote, ilhali sehemu kubwa zaidi haikuandikwa.

Tarehe ina uzito hapa. Unapobonyeza kulipa, benki hushikilia kwanza fedha kwa makadirio; malipo yenyewe huingia kwenye akaunti siku moja hadi kadhaa baadaye. Mara nyingi kiwango kinachotumika ni cha wakati malipo yanapochakatwa na mtandao, ambao si lazima uwe siku uliyobonyeza. Kama siku ya kununua kikokotoo kilisoma 2,574 na siku ya kuchakatwa kilisoma 2,600, anayetumia tarehe ya kwanza ataona nyongeza ya asilimia 5 badala ya 4, na malalamiko yake benki yatakataliwa kihalali. Jaribu tarehe mbili tatu za jirani, kisha fanya hivyo hivyo kwa malipo ya miezi mingine. Nyongeza ya kweli hujirudia kwa asilimia ile ile.

Isipojirudia, huenda mtandao haukubadilisha kwenda shilingi kabisa. Benki inaweza kulipana na mtandao kwa dola, kisha ikakukata shilingi kwa kiwango chake yenyewe cha kuuza dola cha siku hiyo. Chukua orodha ya viwango vya benki ya tarehe hiyo. Kama 2,704 iko pale, umepata jibu. Kwa kadi ya namna hii, huduma inayotozwa kwa euro hubadilishwa mara mbili, euro kwenda dola na dola kwenda shilingi. Muuzaji akikupa kuchagua kati ya euro na dola kwa bei zinazolingana, chagua dola.

Ama kuchagua shilingi kwenye tovuti ya nje, hapo kuna mtego. Baadhi ya kurasa za malipo huonyesha bei ya dola na pembeni yake kiasi cha shilingi "kilichohakikishwa". Ukikubali, anayebadilisha ni upande wa muuzaji, kwa kiwango chake na nyongeza yake. Ungedhani basi ada ya muamala wa nje inakwepwa, lakini benki nyingi huitoza kwa kuangalia nchi ya muuzaji, bila kujali sarafu. Kwa hiyo unaweza kulipa nyongeza ya muuzaji na ada ya benki kwa pamoja. Kwenye malipo yanayojirudia, chaguo la siku ya kwanza linaweza kubaki limehifadhiwa hadi ulibadilishe mwenyewe. Ukiona kwenye taarifa muuzaji wa nje ametajwa kwa shilingi tu, bila kiasi cha dola, rudi kwenye mipangilio ya malipo. Hali ni tofauti pale muuzaji alipopanga bei ya shilingi kwa soko lote la nchi: hapo hakuna anayebadilisha kwa niaba yako, ingawa ada ya benki inaweza kubaki.

Ile Sh2,360 nayo inahitaji kutazamwa kwa jicho lake. Kama ni asilimia, itapungua bei ikipungua. Kama haibadiliki, basi huduma ndogo ndizo zinazoumia. Hifadhi ya picha ya dola 3 kwa mwezi ni Sh7,800 kwa kiwango cha mtandao, na ada peke yake ni zaidi ya asilimia 30 ya hiyo. Kwa huduma kama hiyo, kulipia mwaka mzima mara moja kunaondoa ada 11 kati ya 12, yaani Sh25,960.

Kabla ya kulipia mwaka, hata hivyo, fahamu kinachotokea fedha zikirudishwa. Ukighairi wakati fedha zimeshikiliwa tu, zinaachiliwa zote. Malipo yakishaingia kwenye akaunti, marejesho ni muamala mpya unaobadilishwa upya, na benki inaweza kupunguza asilimia zake 4 upande wa pili. Dola 23.60 zinarudi kwa 2,496, yaani Sh58,905.60. Muuzaji amerudisha kila senti, lakini mteja amepungukiwa Sh4,908.80, na ada ya Sh2,360 mara nyingi hairudi. Ukienda kulalamika, muuzaji atakuonyesha risiti ya dola iliyokamilika na hana kosa. Swali ni la benki: kiwango cha marejesho kimeandikwa wapi kwenye orodha yake ya ada, na kwa nini ada ya muamala uliofutwa imebaki.