Biskuti themanini chini ya mkeka wa nondo

Biskuti za fundi mmoja ninayemjua zina unene wa milimita 25 na upana wa milimita 50 kila upande, na juu ya kila moja umechomoza waya wenye ncha mbili. Anazitengeneza mwenyewe saiti, hapa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, siku nyingi kabla ya slabu kumwagwa. Kazi ya biskuti ni kuinua nondo kutoka kwenye mbao za shata ili zege lipite chini yake na kuifunika. Unene huo wa zege linalofunika nondo ndio kava.

Anaanza kwa kutandika nailoni juu ya ubao ulionyooka, kisha anapigilia papi mbili alizoziranda mpaka zikabaki na milimita 25 kamili. Kati yake anamwaga mota ya saruji moja kwa mchanga mbili, kavukavu, ya kufinya kiganjani ikashikana bila kutoa maji. Anaishindilia, anapitisha rula ya mbao juu ya papi, kisha anaiacha kidogo ikaze. Ikikaza anaikata kwa mwiko, mistari ya kwenda na ya kukatisha, na kuchomeka waya uliokunjwa katika kila kipande. Eneo la mita moja kwa nusu mita linatoa biskuti 200, na mota yote iliyotumika haijai ndoo ya lita 20.

Kesho yake zinaingia kwenye pipa la maji na kukaa humo wiki nzima. Miezi ya baridi anaziongezea siku, kwa sababu saruji hukomaa polepole hali ya hewa ikipoa. Uvumilivu huu naupenda kuliko kitu kingine chochote katika kazi yake. Waandishi wa viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamesomea, walikataza biskuti za kutengenezwa saiti, na sababu yao ilikuwa ya haki: mara nyingi hutengenezwa kwa mabaki ya zege, unene haulingani, na zinakanyagwa kabla hazijakomaa. Biskuti dhaifu inapasuka chini ya mguu. Hata isipopasuka, inabaki kuwa kitundu cha kupitishia maji kutoka nje ya slabu hadi kwenye nondo. Fundi huyu anajibu hoja hiyo kwa papi zilizorandwa na pipa la maji. Kabla ya kuzitumia huchukua moja na kuitupa sakafuni kutoka usawa wa kiuno. Ikivunjika, anarudia fungu zima.

Idadi ya biskuti inatokana na unene wa nondo. Kiwango cha BS 7973 cha mwaka 2001 kinasema biskuti za slabu zisiachane zaidi ya mara 50 ya kipenyo cha nondo, wala zisizidi mita moja. Nondo ya milimita 10 basi inataka biskuti kila milimita 500, pande zote mbili, yaani 4 kwa mita ya mraba. Nondo ya milimita 8 ni kila milimita 400, na hapo zinakuwa 6 na kidogo. Ya milimita 12 ni kila milimita 600, karibu 3.

Hesabu hii inalenga mguu wa mtu kuliko uzito wa nondo zenyewe. Siku ya zege watu wanatembea juu ya mkeka wakiwa na ndoo na toroli. Mtu akikanyaga nondo katikati ya biskuti mbili, nondo inapinda, na ukiongeza umbali mara mbili, kupinda kunaongezeka mara nane. Kwa hiyo anayeokoa biskuti kwa kuziweka kila mita moja chini ya nondo ya milimita 10 anapata mkeka unaolala juu ya shata mara tu kazi inapoanza, na zege likishafunika hakuna atakayeona.

Chukua chumba cha mita 4 kwa mita 5, chenye mkeka wa nondo za milimita 10. Eneo ni mita za mraba 20, biskuti 80. Ukianza kuhesabu kutoka ukutani kabisa utapata mistari 9 kwa 11, yaani 99, na hapo ndipo vijana wanapobishana na fundi. Yeye anaanza milimita 250 kutoka ukingoni, kwa sababu ukingoni mkeka umeshikwa na nondo za bimu. Inabaki mistari 8 ya biskuti 10, na anatenga nyingine 10 za kufidia zitakazovunjika. Kila mstari wa pili anausogeza kidogo ili biskuti zake zipishane na za mstari wa jirani; zikipangana sambamba, zinaweza kuwa njia ya ufa.

Kwenye bimu mambo yanabadilika. Hapo biskuti zinakwenda kwa seti, na seti zisiachane zaidi ya mita moja. Bimu ya mita 5 anaipa seti 6, ya kwanza na ya mwisho zikiwa milimita 300 kutoka kila ncha. Kila seti ina biskuti mbili chini na moja kila ubavu. Jumla ni 24, karibu 5 kwa mita.

Na zote anazifunga kwenye ringi, kamwe si kwenye nondo kuu. Kava hupimwa kutoka chuma kilicho nje kabisa, na kwenye bimu chuma hicho ni ringi. Biskuti ya milimita 25 ikiwekwa chini ya nondo kuu, katikati ya ringi mbili za milimita 8, ringi inabaki na milimita 17 tu. Kosa hili ni la kawaida, na macho hayalioni kwa urahisi kwa sababu biskuti ipo, ina unene sahihi, na imefungwa vizuri.

Milimita hizo zina uzito. Hewa yenye kaboni dayoksaidi inaingia kwenye zege taratibu na kuondoa hali inayoikinga nondo na kutu. Safari yake inapungua kasi kadiri inavyozama, kiasi kwamba kava ikipungua kwa nusu, muda wa kinga unabaki takriban robo. Ileje ina masika marefu na kiangazi kirefu, na zege linalolowa na kukauka zamu kwa zamu ndilo linalopata taabu. Dalili ya kwanza ni mistari ya rangi ya kutu chini ya dari, imenyooka na kuachana sawasawa kama nondo zilivyopangwa. Baadaye ukigonga unasikia uvungu.

Wanaokosa biskuti huweka kokoto, kipande cha tofali la kuchoma au kipande cha nondo. Kokoto inabiringika, tofali linanyonya maji, na kipande cha nondo kinachogusa shata kinaota kutu kuanzia nje kuelekea ndani.

Asubuhi ya zege fundi anapita na kijiti chembamba kidogo kuliko biskuti. Kijana anatembea juu ya mkeka, naye anakipitisha chini ya nondo pale pale mguu ulipo. Kikikwama, anaongeza biskuti hapo hata kama idadi yake imetimia. Nondo za juu, zile zinazopita juu ya bimu, biskuti haziwezi kuzifikia. Hizo anazikalisha kwenye viti vya nondo alivyovikunja mwenyewe, na miguu ya viti anaiweka juu ya mkeka wa chini, karibu na biskuti, ili chuma chochote kisiguse shata.