Gumzo Limefutwa, Kumbukumbu Imebaki: Akaunti Moja ya ChatGPT katika Simu ya Familia

Programu za mazungumzo za akili unde, yaani zile zinazomjibu mtumiaji kwa maandishi mithili ya mtu anayejibizana naye, zimejengwa juu ya dhana kwamba kila akaunti ina mtu mmoja. Masharti ya matumizi ya ChatGPT yanamkataza mwenye akaunti kuwaachia wengine waitumie, lakini katika kaya yenye simu janja moja na bando moja hakuna wa kulisimamia sharti hilo, hivyo akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya baba au ya mtoto mkubwa huishia kuwa ya kila anayeishika simu. Mwanakaya anayetaka kuficha swali lake kwa kawaida hufuta gumzo alilolianzisha na kuamini kwamba shauri limekwisha. Imani hiyo ilikuwa karibu na ukweli programu hiyo ilipotoka Novemba 2022. Tangu mwaka 2024 haipo tena karibu na ukweli, na sababu yake inahitaji kuelezwa kwa utaratibu.

Kinachohifadhiwa katika akaunti kina matabaka mawili yanayofanya kazi kwa namna tofauti. Tabaka la kwanza ni historia, ambayo ni orodha ya magumzo yote inayofunguka pembeni mwa skrini, na udhaifu wake mkubwa ni vichwa vya magumzo, kwa kuwa programu huliandikia kila gumzo kichwa kutokana na maneno ya mwanzo ya muulizaji, kiasi kwamba mtu anayepitisha jicho tu kwenye orodha huijua mada kabla ya kufungua chochote. Kubadilisha kichwa hakusaidii sana, maana sehemu ya kutafutia huchimba hadi ndani ya maandishi. Wala amri ya "Archive" haisaidii, kwani huliondoa gumzo kwenye orodha na kuliweka kando likiwa zima, mahali ambapo yeyote anayeijua mipangilio anaweza kulirudisha.

Tabaka la pili ni kumbukumbu, na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilianza kujaribu utaratibu ambao programu huchota jambo kutoka katika gumzo, kwa mfano kazi ya mtumiaji au maradhi yake, ikaliandika kama sentensi fupi katika orodha ya pekee, kisha ikalitumia katika magumzo yatakayofuata. Aprili 2025 iliongezwa njia nyingine, ambayo programu hurejelea magumzo ya nyuma hata pale ambapo hakuna sentensi iliyoandikwa orodhani, na Juni mwaka huohuo watumiaji wasiolipa wakapewa toleo jepesi la njia hiyo. Lengo lilikuwa kumpunguzia mtumiaji mmoja kazi ya kujieleza upya kila mara, lakini katika akaunti ya watu wanne programu haina namna ya kujua nani ameshika simu, na hivyo jambo la mmoja hugeuka kuwa sifa ya wote.

Kaya ya kubuni inaweza kuonyesha jinsi uvujaji unavyotokea. Mama ana genge la mboga na amechukua mkopo wa kausha damu, yaani mkopo wa mtaani unaorejeshwa kila siku kwa riba kali, bila mumewe kujua. Anaiuliza programu: amepokea shilingi 300,000 na anarejesha shilingi 12,000 kwa siku kwa siku 30, je, anamlipa mkopeshaji kiasi gani juu ya alichopewa? Jibu linakuja kwamba jumla ni shilingi 360,000, yaani nyongeza ya shilingi 60,000, sawa na asilimia 20 kwa mwezi mmoja. Wakati wa majibizano hayo maneno "Memory updated" yanaonekana kwa maandishi madogo juu ya jibu, lakini mama hayatilii maanani, na baada ya kusoma analifuta gumzo lote. Wiki tatu baadaye baba anauliza namna ya kupanga fedha za kuezeka upya jiko, na jibu analolipata linamshauri asubiri mpaka marejesho ya kila siku ya mkopo yamalizike.

Hakuna mtu aliyempekua mama; programu yenyewe ndiyo iliyosema. Gumzo lilipofutwa, sentensi iliyochotwa humo ilibaki katika orodha ya kumbukumbu, kwa sababu matabaka hayo mawili hufutwa kila moja kivyake. Kinyume chake pia ni kweli: angefuta sentensi na kuliacha gumzo, njia ya Aprili 2025 ingeweza kulirejelea gumzo lenyewe. Kwa hiyo ufutaji kamili huhitaji hatua mbili, nazo ni kuingia "Settings", kisha "Personalization", kufungua orodha ya kumbukumbu na kuondoa kila sentensi inayohusika, halafu kurudi kwenye historia na kulifuta gumzo ambamo sentensi hizo zilizaliwa. Ikumbukwe pia kwamba kuzima swichi ya kumbukumbu hakufuti yaliyokwisha kuandikwa. Huyafanya tu yasitumike mpaka atokee mwanakaya mwingine wa kuiwasha.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata watumiaji waangalifu. Mtu anayegundua kumbukumbu asiyoitaka huelekea kuiandikia programu, katika gumzo jipya, kwamba isahau habari za mkopo, na ni kweli kwamba sentensi inaweza kuondolewa kwa njia hiyo. Lakini ombi lenyewe ni gumzo, limehifadhiwa, lina kichwa chake, na katika kichwa hicho neno mkopo huenda likasimama wazi kuliko lilivyokuwa mwanzo. Kufuta kwa mkono ndani ya mipangilio hakuachi alama ya namna hiyo.

Kinachobaki baada ya kufuta kinaweza kupimwa kwa kuanzisha gumzo jipya na kuuliza programu inafahamu nini kuhusu mtumiaji wake. Jibu litachanganya wanakaya wote, labda likimchora mwenye akaunti kuwa mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye genge la mboga na shinikizo la damu, na mchoro huo wa ajabu ni kipimo kizuri cha kiasi ambacho akaunti imechanganyika. Hata hivyo, jibu safi halithibitishi kwamba hakuna kitu, kwa kuwa yale yanayorejelewa kutoka magumzo ya nyuma hayaonyeshwi katika orodha ya kukaguliwa, na programu inaweza kutoyataja leo ikayataja kesho swali likiyagusa. Pale ambapo usiri una uzito, inafaa kuzima swichi ya "Reference chat history" pamoja na ile ya kumbukumbu zilizoandikwa, na kukubali hasara ya kuanza kila gumzo upya, hasara ambayo kwa kaya ya namna hii ni ndogo mno.

Ufutaji nao huonekana. Nithya Sambasivan na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2018 kuhusu wanawake wa India, Pakistan na Bangladesh ambao simu zao hutazamiwa kushirikiwa na waume na watoto, walitofautisha kufuta vyote kwa pamoja na kufuta kitu kimojakimoja, na walionyesha kwamba wanawake hao walipima pia namna tendo la kuficha litakavyosomwa na jamaa zao. Historia tupu katika simu ambayo jana ilikuwa na magumzo arobaini ni swali tayari, ilhali gumzo moja lililotoweka kati ya arobaini halimshtui mtu. Afrika Mashariki jambo lenye uzito zaidi pengine ni lile alilolieleza Jenna Burrell mwaka 2010 kutokana na utafiti wake vijijini Uganda, kwamba kushiriki simu hakumaanishi kuwa na mamlaka sawa juu yake, na mwenye kuimiliki ndiye anayeamua nani aitumie na kwa masharti gani.

Mamlaka hayo, katika akaunti ya ChatGPT, yamo mikononi mwa mwenye barua pepe. Ndani ya "Data controls" kuna amri ya "Export data", ambayo hukusanya historia yote katika faili na kutuma kiungo cha kulipakua kwa barua pepe iliyosajiliwa, na kwa kuwa barua pepe hiyo kwa kawaida iko wazi katika simu ileile, yeyote aliyeshika simu anaweza kuomba nakala ya maswali ya familia nzima na kwenda kuisoma kwenye kompyuta. Magumzo yaliyowekwa kando hayawi salama hapo. Upande wa kampuni, gumzo lililofutwa hupangiwa kuondolewa kabisa ndani ya siku 30, ingawa muda huo si sheria isiyoguswa: mwaka 2025, katika kesi iliyofunguliwa na gazeti la New York Times, mahakama ya Marekani iliiamuru OpenAI kuhifadhi hata yaliyofutwa, na wajibu huo wa kuendelea kuhifadhi ulikoma mwishoni mwa Septemba. Hata hivyo, kwa mama mwenye mkopo, anayemhofia hayuko California kwenye kampuni, yuko sebuleni.

Njia ya kwanza ya kuzuia badala ya kufuta ni gumzo la muda, linaloitwa "Temporary Chat" kwenye skrini, ambalo haliingii katika historia wala haliandiki kumbukumbu, japo kampuni inaweza kubaki na nakala yake hadi siku 30. Udhaifu wake ni wa kibinadamu: lazima lichaguliwe kabla ya kuandika neno la kwanza, na likiachwa wazi kwenye skrini linasomeka kama gumzo lolote. Njia ya pili, iliyo imara zaidi, ni kuongeza mtumiaji mwingine wa simu, uwezo uliokuja katika simu za Android kwa toleo la 5.0 la mwaka 2014, ambapo kila mtu hupata programu zake, akaunti zake na nenosiri lake la kufungulia. Tatizo ni kwamba watengenezaji kadhaa wameuondoa uwezo huo katika simu zao, nafasi ya kuhifadhia hugawanywa, na mtumiaji wa pili hapokei ujumbe mfupi mpaka mwenye simu amruhusu, hivyo akaunti inayothibitishwa kwa namba ya simu humpelekea mwenye simu taarifa kwamba kuna akaunti mpya.

Kwa hiyo, kwa mwanakaya asiye na mamlaka juu ya simu wala barua pepe, njia inayofaa zaidi ni ya tatu: kuitumia programu bila akaunti, jambo lililoruhusiwa tangu Aprili 2024. Hufungua ukurasa wa faragha katika kivinjari cha Chrome, aina ya ukurasa usioweka kumbukumbu ya tovuti zilizotembelewa, huuliza swali lake bila kujisajili, na akimaliza hufunga ukurasa wenyewe, kwa sababu kurudi tu kwenye skrini ya mwanzo huuacha hai nyuma, na taarifa ya juu ya skrini huendelea kuonyesha kwamba kuna ukurasa wa faragha uliofunguliwa. Akaunti ya familia haipati chochote cha kuhifadhi, na kibodi ya Gboard, ambayo kwa kawaida hujifunza maneno yanayoandikwa mara kwa mara na kuyapendekeza kwa anayeandika baadaye, huacha kujifunza pindi inapotumika ndani ya ukurasa huo.