Siku Zimekwisha, Betri Imejaa: Akaunti ya Sola ya Mkopo Inavyohesabu

Katika vijiji vinavyopakana na barabara kuu kabla ya mlima Kitonga, Ruaha Mbuyuni kikiwemo, fedha haziingii nyumbani kila wiki. Mkulima wa kitunguu husubiri takriban miezi mitatu au minne tangu kupandikiza miche hadi kuvuna, kisha hupata fedha nyingi kwa mkupuo. Mtambo wa sola wa mkopo, kwa upande wake, huhesabu siku moja moja, kuwe na mavuno au kusiwe. Malalamiko mengi kuhusu mtambo unaofunga wakati mwenyewe anaamini amelipa hutokana na hesabu hizi mbili kutokutana. Hoja yangu ni kwamba kisanduku kilichomo ndani ya nyumba hakijui shilingi hata moja. Kinajua siku tu, na asiyetenganisha daftari la siku na daftari la fedha hataielewa akaunti yake.

Mazoea ya LUKU ndiyo yanayowapoteza wengi hapa. Mita ya LUKU huuza uniti, kwa hiyo anayezima taa mapema huokoa alichonunua. Sola ya mkopo huuza muda. Ukinunua siku 30 ukaenda msibani Mbeya kwa siku 10, utarudi ukute 20, hata kama taa haikuwaka hata mara moja. Ndiyo maana mtambo unaweza kufunga jioni ya siku yenye jua kali huku betri ikiwa imejaa: saa ya ndani imefika sifuri, na kisanduku kimekata umeme unaokwenda kwenye taa, redio na chaji ya simu. Kwa kawaida paneli huendelea kuchaji betri hata wakati huo, kwa hiyo kuing'oa paneli kwa hasira ni kuinyima betri chakula bure.

Lakini si kila giza ni kufungwa. Kama kioo cha kisanduku bado kinaonyesha siku zilizobaki na taa haziwaki, tatizo ni betri, waya au paneli yenye vumbi, na kuongeza malipo hakutasaidia. Kama siku ni sifuri, au kisanduku kinadai tokeni, hapo ndipo akaunti inahusika. Anayelipa kabla ya kutazama namba hiyo anaweza kununua siku za mtambo mbovu, nazo zitaendelea kupungua wakati akimsubiri fundi.

Tuchukue mkataba wa mfano: kianzio shilingi 60,000, kisha shilingi 1,000 kwa siku hadi zitimie siku 600. Tarehe 1 Septemba, akiwa amebakiwa na siku 4, mkulima anauza vitunguu na kulipa 90,000. Siku mpya hujumlishwa juu ya zilizopo, zinakuwa 94, na mtambo utafunga tarehe 4 Desemba. Kulipa mapema hakukumpotezea kitu. Desemba hana fedha, anakaa gizani siku 20, na tarehe 24 analipa 30,000. Katika mkataba unaohesabu siku zilizonunuliwa tu, anapata siku 30 kamili hadi 23 Januari. Zile 20 za giza hazidaiwi, ila tarehe ya kumaliza deni imesogea mbele kwa siku hizo hizo. Katika mkataba unaofuata kalenda, malipo yake huziba kwanza pengo la siku 20, na anabaki na 10. Njia ya kujua uko kwenye mkataba upi ni kutazama kioo mara baada ya kuingiza tokeni: 30 au 10. Namba hiyo inaeleza zaidi kuliko maneno ya wakala.

Mtu anaweza kupinga kwamba kama siku za giza hazidaiwi, basi kuchelewa hakuna madhara. Si hivyo. Ofisini kuna daftari la pili, la fedha, ambalo hupima ulichopaswa kuwa umelipa hadi leo. Mtambo ukikaa umefungwa muda mrefu, mikataba mingi huipa kampuni haki ya kuja kuuchukua. Betri nayo inazeeka kwa kalenda, ifungwe au iwashwe. Kwa mkulima wa msimu nadhani njia ya busara ni kununua siku nyingi wiki ya mavuno, lakini aulize kwanza kama malipo ya mkupuo yanapunguza bei. Kama hayapunguzi, faida yake ni utulivu tu, na sehemu ya fedha hizo huenda inahitajika zaidi kwenye mbolea.

Pingamizi zito zaidi ni la aliyelipa kweli na bado amefungiwa. Malipo hupita hatua tatu: muamala wa simu, akaunti ofisini, kisha kisanduku. Kwenye hatua ya kwanza kosa la kawaida ni namba ya kumbukumbu. Tarakimu moja ikikosewa, siku zinaweza kwenda kwa jirani, na ujumbe wa muamala ndio ushahidi wa kudai zirudishwe. Kwenye ya pili, kiasi kisichofika kiwango cha chini hubaki kama salio bila kutoa siku. Ya tatu inategemea aina ya mtambo. Wenye laini ya simu ndani husubiri mtandao, ambao kwenye mabonde ya milima unaweza kuchelewa. Wenye vitufe husubiri wewe uingize tokeni.

Tokeni yenyewe si namba ya kubahatisha. Katika mfumo wa wazi uitwao OpenPAYGO Token, uliotolewa na kampuni ya Solaris Offgrid, tokeni ya kawaida ina tarakimu 9. Tatu za mwisho hubeba idadi ya siku kwa kuijumlisha na namba ya siri ya kisanduku: kama namba hiyo ni 789, tokeni ya siku 30 itaishia na 819. Tarakimu zilizobaki hukokotolewa kwa ufunguo wa siri na hesabu ya tokeni zilizokwisha kutolewa. Kwa hiyo tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako, na yako ya mwezi uliopita haikubaliki mara ya pili. Ukikosea mara nyingi mfululizo, kisanduku hukataa kusikiliza kwa muda. Subiri, kisha isome upya polepole.

Kuna tokeni moja ambayo wengi hawaiulizii. Kumaliza kulipa hakufungui mtambo moja kwa moja. Lazima itolewe tokeni ya kuondoa kabisa hesabu ya siku, ambayo katika mfumo huo ina thamani yake ya pekee, 998, na si siku 998. Aliyelipa shilingi ya mwisho na bado anaona siku zikipungua kwenye kioo hajapewa tokeni hiyo, na mtambo wake utafunga tena. Aidai mara moja, kwa sababu ufunguo wa kuitengeneza uko kwenye kompyuta za kampuni, na kampuni hazidumu milele. Mobisol ya Berlin, kampuni ya sola iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, iliomba kinga ya ufilisi Aprili 2019. Mwaka huo huo ilinunuliwa na kampuni ya Engie, hivyo wateja walipata mrithi wa akaunti zao. Mkataba unaostahili kutiwa saini ni ule unaosema nani atatoa tokeni ya mwisho endapo mrithi hatapatikana.