Gesi Ikichelewa: Namna ya Kuandika Kipengele cha Dharura Isiyozuilika

Machi 24, 2021 wapiganaji waliuvamia Palma, mji wa Cabo Delgado ulio kusini mwa mdomo wa mto Ruvuma. Aprili 26 kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kwamba mradi wake wa gesi pale Afungi umekumbwa na dharura isiyozuilika, na ikathibitisha kuwa imeondoa wafanyakazi wake wote. Ng'ambo ya mto, katika rasi ya Msimbati, visima vya Mnazi Bay viliendelea kupeleka gesi kwenye mitambo ya Madimba na kutoka hapo Dar es Salaam. Miezi michache kabla, Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kilichopo ukingo wa Tanzania nacho kilikuwa kimeshambuliwa, na Mnazi Bay haikusimama.

Tishio lilikuwa moja, lakini matokeo ya kimkataba yalikuwa mawili. Kipengele cha dharura isiyozuilika hakiulizi kama kuna vita mahali fulani. Kinauliza kama vita hivyo vimemzuia mhusika huyu kutimiza wajibu huu, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Waandishi wengi wa mikataba humalizia nguvu zao kwenye orodha ya majanga, na hayo maswali mengine huyapitia kwa sentensi moja.

Orodha yenyewe si kazi ngumu. Mfano wa mkataba wa kugawana uzalishaji ambao TPDC imekuwa ikiutumia unaanza na maana pana: tukio lililo nje ya uwezo wa mhusika na ambalo hakulisababisha mwenyewe. Ndipo unataja tetemeko, dhoruba, moto, mafuriko, vita, ghasia na migogoro ya kazi, huku ukisema kwamba matukio si hayo tu. Mpangilio huo ni wa busara. Anayeanza na orodha na kumalizia kwa maneno "na mengineyo" anampa hakimu nafasi ya kusema kwamba hayo mengineyo lazima yafanane na yaliyotajwa.

Orodha inayofaa Mtwara, hata hivyo, lazima iijue Mtwara. Kimbunga Kenneth kilipokaribia Aprili 2019, wakazi wa Mtwara walitakiwa kuhamia maeneo salama. Aprili 25 kikatua Cabo Delgado. Fundi aliyeondoka kazini siku hiyo hakuzuiwa na upepo. Alizuiwa na agizo la mamlaka. Mkataba uliotaja "kimbunga" peke yake unaacha mlango wa ubishi wazi, kwa sababu mnunuzi atasema kimbunga hakikufika. Basi agizo la serikali la kuhama au kufunga shughuli liandikwe kama tukio linalojitegemea. Upande wa serikali nao una haki ya kuweka mpaka hapo: shirika la umma lisijifiche nyuma ya agizo lililotolewa na serikali hiyo hiyo inayolimiliki.

Kitu kimoja hakipaswi kuingia kwenye orodha kabisa, nacho ni ukosefu wa fedha. Washirika wa Mnazi Bay waliwahi kuwaeleza wanahisa wao kwamba malipo ya gesi kutoka kwa TPDC na TANESCO yalikuwa yamechelewa. Kama deni lingehesabiwa kuwa dharura, muuzaji angebaki akisukuma gesi bila njia ya kudai. Ndiyo maana mfano wa TPDC unauondoa wajibu wa kulipa fedha kwenye msamaha.

Halafu linakuja suala la taarifa, na hapa maneno machache hubeba uzito mkubwa. Mwaka 1973 Marekani ilizuia kuuza nje soya, na kesi ya Bremer dhidi ya Vanden Avenne, iliyotokana na zuio hilo, ikafika kwenye mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1978. Mkataba ulikuwa na vifungu viwili vya taarifa. Kimoja kilitaka taarifa itolewe "bila kuchelewa", bila kutaja siku. Majaji walisema kukivunja hakumwondolei muuzaji kinga moja kwa moja. Kingine kiliweka tarehe na hatua kamili za kuomba muda zaidi, na hicho walisema lazima kifuatwe kama kilivyoandikwa, la sivyo kinga inapotea.

Kwa hiyo mwandishi aamue mapema anataka lipi kati ya hayo mawili. Njia inayofaa mradi wa gesi ni kuigawa taarifa katika hatua mbili. Ya kwanza iwe fupi na ya haraka, kwa mfano ndani ya siku tatu: nini kimetokea, wajibu gani umeguswa. Ya pili, ndani ya siku ishirini na moja, ieleze chanzo, kiasi cha gesi kilichopungua, makadirio ya muda na hatua za kurekebisha. Aliyekimbia Palma usiku hawezi kukadiria hasara kesho yake asubuhi, lakini anaweza kutuma barua ya mistari mitano. Adhabu ya kuchelewa nayo iandikwe waziwazi: "Mhusika atakayechelewa kutoa taarifa ya kwanza atasamehewa kuanzia siku taarifa ilipopokelewa, si siku ya tukio." Adhabu ya namna hiyo ni kali kiasi cha kuheshimiwa, na haiui haki yote kwa kosa la karani.

Sehemu yenye mitego zaidi ni ya kuchelewa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haimsaidii sana mtu aliyekwama kwa muda. Kifungu cha 56 kinasema mkataba unakuwa batili pale kitendo kinapokuwa hakiwezekani au kinapokuwa kinyume cha sheria baada ya makubaliano. Kifungu cha 55 kinampa upande wa pili haki ya kuukataa mkataba ikiwa muda ulikusudiwa kuwa jambo la msingi. Kati ya kufa na kuvunjwa hakuna mahali pa kupumzikia, isipokuwa wahusika wamejiandikia wenyewe.

Chukua mfano wa kufikirika juu ya mkataba halisi. Makubaliano ya kuuza gesi ya Mnazi Bay kwa TPDC yalitiwa saini Septemba 2014 kwa miaka 17. Tuseme kisima kimoja kinafungwa kwa siku sitini kwa agizo la usalama, na gesi ya siku inashuka kwa robo. Msamaha ulingane na robo hiyo tu, na zile robo tatu ziendelee kudaiwa kama kawaida. Mnunuzi naye, kama ameahidi kulipia kiwango cha chini hata asipochukua gesi, apunguziwe kiwango hicho kwa siku hizo. Siku za kukiwasha kisima upya na kurejesha mkandamizo ziingizwe kwenye hesabu, maana agizo likiondolewa asubuhi gesi haifiki kiwango chake jioni.

Je, siku sitini zinaongezwa mwishoni mwa mkataba? Mfano wa TPDC unaruhusu muda kusogezwa, kwa eneo lililoathirika tu. Lakini leseni ya uendelezaji ya Mnazi Bay ilitolewa mwaka 2006 kwa miaka 25, na makubaliano ya watu wawili hayarefushi leseni ya serikali. Muda unaoahidiwa baada ya leseni kwisha ni ahadi tupu, isipokuwa mkataba umeitaka serikali, kama mhusika aliyetia saini, iirefushe leseni kwa siku zile zile.

Afungi inaonyesha gharama ya kuliacha hilo kwa mazungumzo ya baadaye. TotalEnergies ilipoondoa tangazo lake la dharura mwishoni mwa 2025, zaidi ya miaka minne baadaye, iliitaka serikali ya Msumbiji iongeze miaka kumi kwenye muda wa mradi na itambue nyongeza ya gharama ya dola bilioni 4.5. Mwanasheria anayeandaa mkataba wa gesi Mtwara leo aweke fomula ya kuongeza muda na atamke nani anabeba gharama za kusubiri, kabla hajagusa orodha ya majanga.