Ngozi Nyeusi ya Kikaango

Kikaango cha chuma cha kusubu kikilala na maji usiku mmoja tu katika miezi ya mvua ya Lubumbashi, kati ya Novemba na Aprili, asubuhi kinaamka na madoa ya rangi ya machungwa. Kikisahaulika msimu mzima nyuma ya jiko, madoa yanaungana, na mwenye nyumba anahamia kwenye sufuria ya alimini. Kimoja cha namna hiyo kililetwa kwa mzee mmoja wa Kamalondo ambaye sote mtaani tunamwita Nkambo. Alipika katika majiko ya watu kwa miaka mingi, na mpaka leo akina mama humletea vikaango vyao. Mimi huenda kukaa karibu na mbabula yake na kumtazama.

Mama aliyekileta alilalamika kwamba samaki aliyempika na nyanya alikuwa na ladha ya msumari. Alishafikiri samaki ndiye mbaya. Nkambo hakubishana naye. Alimwomba arudi na mchuzi kidogo uliobaki, kisha akamwambia, “Mama, ziba pua, halafu onja.” Alipoziba pua, ule umsumari ulipotea karibu wote. Alipoachilia, ukarudi.

Jaribio hilo lina maana kubwa. Ladha ya chuma hatuipati kwa ulimi peke yake. Sehemu yake kubwa ni harufu. Nyanya, ndimu na siki zina uchachu, na uchachu unaokuta chuma kikiwa uchi hukiyeyusha kidogo na kukiingiza ndani ya mchuzi. Chuma kilichoyeyuka kikikutana na mafuta ya chakula, kinaharakisha kuvunjika kwake, na mvuke unaotoka humo ndio pua inaousoma kama chuma. Hata harufu inayobaki mkononi baada ya kushika chuma kitupu inatokana na mafuta ya ngozi yetu yaliyoguswa na chuma hicho. Kikaango kilichotunzwa hakifanyi hivyo upesi, kwa sababu kati ya chuma na nyanya kuna ngozi nyeusi iliyojengwa kwa mafuta. Kutu haizibi hivyo. Ina vitundu vingi, inashika maji, na chini yake chuma kinaendelea kulika.

Kabla ya kuanza kusugua, Nkambo alipasha kikaango, akatia maji ya moto kidogo na kupangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka chekundu, tatizo ni kutu. Kikitoka cheusi, ni ngozi ya zamani iliyolegea au masizi. Kikinata na kunuka vibaya, ni mafuta yaliyochacha, na hayo yanaharibu chakula kwa namna yake, hata bila kutu. Cha kikaango hicho kilitoka chekundu sana pembeni na cheusi katikati.

Kutu nyepesi anaiondoa kwa chumvi ya mawe na mafuta kidogo, akisugua kwa kitambaa mpaka chumvi igeuke kahawia. Hii ilikuwa nene. Alichanganya siki na maji, nusu kwa nusu, akalaza kikaango humo. Hapa ndipo nilipoupenda uangalifu wake, maana hakuondoka. Siki ikishamaliza kula kutu inaanza kula chuma kizuri, na mtu anayekiacha mpaka kesho yake anakuta uso umejaa vishimo. Kila baada ya muda alikitoa, akajaribu pembeni kwa pamba ya chuma, akakirudisha. Haikuzidi saa moja. Kutu ilipoachia, alikiosha kwa sabuni na maji ya moto, akakifuta, na papo hapo akakiweka juu ya makala. Chuma kilichotoka kwenye siki kikiwa kibichi kinaweza kuota kutu mpya mbele ya macho yako, kwa dakika chache tu.

Kilipokauka kilikuwa cha kijivu, rangi ambayo wengi hawajawahi kuiona kwenye kikaango chao. Hapo mama akamnyooshea chupa ya mafuta ya ngazi. Nkambo akatikisa kichwa na kuomba ya alizeti.

Mafuta ya ngazi ni mazuri ndani ya sombe, lakini kwa kazi hii ni dhaifu. Katika asubuhi za baridi za Juni tunayaona yakiganda kwenye chupa. Karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, na hiyo haishikani vizuri ikichomwa. Alizeti na soya hubaki maji maji wakati huo, na ndizo zenye uwezo wa kufungamana: zikikutana na moto na hewa, chembe zake zinaungana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa ganda gumu lisilooshwa na sabuni. Karanga iko katikati, inafaa mtu asipokuwa na nyingine. Ukitumia ya ngazi peke yake, utapata uso unaonata vidole.

Sasa kiasi. Kwa kikaango chenye moto wa kuvumilika mkononi, alitia kama kijiko kidogo kimoja cha alizeti, akapaka ndani, nje na mpini. Kisha akachukua kitambaa kikavu na kuyafuta yote, kwa nguvu, kama mtu aliyemwaga mafuta pasipofaa. Kikaango kilionekana hakina kitu. Mafuta yaliyobaki baada ya kufuta hivyo ndiyo yanayotosha. Yakizidi, yanajikusanya, yanaiva juu huku chini yakiwa mabichi, na matokeo yake ni matone ya kahawia yanayonata.

Alikigeuza kifudifudi juu ya makala yaliyoshika vizuri na kuanza kuvaa majivu, maana mwali mkali unapasha upande mmoja na kuacha mwingine. Akakizungusha kila mara. Moshi mwembamba ulipanda, dalili kwamba joto limepita nyuzi 200 hivi, akakiacha humo mpaka moshi ukaisha wenyewe, yapata saa moja. Kilipotoka kilikuwa cha rangi ya asali iliyokolea. Kikapoa kidogo, kikapakwa, kikafutwa, kikarudi. Mara ya pili kikawa kahawia, mara ya tatu kikakaribia weusi, na ya nne ikakifunga. Alikiachia kipoe chenyewe juu ya tofali. Maji baridi juu ya chuma cha kusubu chenye moto yanaweza kukipasua, na kikipasuka hakuna wa kukiunga kikawa salama tena.

Mama aliuliza kama sasa anaweza kurudi kwenye nyanya. Nkambo alimjibu, “Bado, mama. Kwanza kaanga mayai, kaanga viazi, kaanga samaki mkavu wa mafuta. Nyanya ije baadaye, na ikija isikae humo.” Ngozi changa ni nyembamba, na uchachu unaochemka muda mrefu unaila hata ile iliyokomaa. Kwa mchuzi wa nyanya wa saa nzima, sufuria nyingine inafaa zaidi, hata kwa mwenye kikaango bora mjini.

Wewe uliye na kimoja nyuma ya jiko, kiangalie kabla mvua hazijaanza. Kama hakina ufa, kutu yake inaondoka. Ukishakijenga, kioshe kikiwa bado na joto, kikaushe juu ya moto na si kwa kitambaa tu, kipake mafuta kidogo ya alizeti na uyafute, kisha ukitundike mahali penye hewa. Usikifunike kwa kifuniko: unyevu utabaki ndani, na kutu itaanzia humo.