Nani Anaruhusiwa Kuchukua Faili la Kesho?

Eldoret ilianza mapema kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kilicho upande wa Nandi, kilipata mfumo wake wa rekodi za kielektroniki. Miaka michache baadaye kazi ya mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na vyuo vikuu vya ng'ambo, ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu inayotumika leo katika nchi nyingi. Ndani ya OpenMRS kila mtumiaji ana jukumu lake na idhini zake, na asiyeruhusiwa kufungua rekodi haifungui.

Ugumu huanza pale takwimu zinapotoka ndani ya mfumo kama huo na kwenda kwenye dashibodi ya kuonyeshwa watu wa nje: maofisa wa kaunti, wafadhili, wasimamizi wa vituo. Tuchukue mfano wa kubuni, usiohusu taasisi yoyote. Ofisi ya takwimu mjini Eldoret inatengeneza dashibodi ya wagonjwa wapya katika vituo kadhaa. Kila usiku saa nane programu hujumlisha data na kuandika faili moja, hivi-punde.csv, juu ya lile la jana. Ukurasa wa dashibodi husoma faili hilo na kuchora grafu. Ukurasa una nywila. Faili halina, ila anwani yake ni ndefu na haikisiki, kwa hiyo watu wanaiita kiungo cha faragha.

Hapo ndipo kosa lilipo, nalo ni la kawaida mno. Dashibodi ni vitu viwili: ukurasa, na faili ambalo ukurasa unalichukua. Kufunga kimoja hakufungi kingine. Yeyote aliyeingia mara moja kwa nywila anaweza kufungua zana za msanidi kwenye kivinjari, akaona anwani ya faili na kuinakili. Akiituma kwenye kundi la WhatsApp, kila aliye kundini ana faili la leo, na pia la kesho, la keshokutwa na la mwaka ujao, maana anwani haibadiliki ilhali yaliyomo yanasasishwa. Hali ni hiyo hiyo kwa jedwali la Google lililochapishwa kwenye wavuti: ukimwondoa mtu kwenye orodha ya wanaoshirikishwa, kiungo kilichochapishwa kinaendelea kufanya kazi mpaka uchapishaji wenyewe usimamishwe.

Kuna atakayeuliza ubaya uko wapi iwapo faili lina jumla tu, bila majina. Ubaya uko kwenye mfululizo. Tuseme faili la Jumatatu linaonyesha kuwa kituo kidogo kina wagonjwa 41, na wasichana wa miaka 15 hadi 19 ni 6. Faili la Jumanne linaonyesha 42 na 7. Anayeshika faili moja anaona hesabu za kawaida. Anayeshika yote mawili anajua kwamba msichana mmoja wa umri huo ameandikishwa siku hiyo, katika kituo ambacho jirani humwona kila anayeingia. Hakuna jina lililoandikwa popote, lakini mtu ametambulika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu data ya afya kuwa data nyeti, na uvujaji unaoweza kumdhuru mhusika unapaswa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa hiyo ulinzi wa dashibodi inayosasishwa hauishii kwenye faili moja. Lazima uamue nani apate mfululizo.

Dawa inayofaa ni anwani iliyotiwa saini na yenye muda wa kuisha. Hifadhi ya mafaili inafungwa kabisa, isifunguke kwa umma hata kwa anayejua jina la faili. Ukurasa ukihitaji data, unaiuliza huduma ndogo kwenye seva. Huduma inathibitisha kuwa mtumiaji ameingia, inaangalia kama bado yumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, kisha inamtilia saini anwani ya dakika tano. Kwenye hifadhi ya S3 ya Amazon, anwani hiyo huonekana hivi, nikiwa nimefupisha sehemu ndefu:

```
https://mfano.s3.af-south-1.amazonaws.com/vituo/2025-03-10.csv
  ?X-Amz-Algorithm=AWS4-HMAC-SHA256
  &X-Amz-Credential=...
  &X-Amz-Date=20250310T060000Z
  &X-Amz-Expires=300
  &X-Amz-SignedHeaders=host
  &X-Amz-Signature=...
```

Saa iliyoandikwa hapo ni ya UTC, yaani saa tatu asubuhi kwa saa za Eldoret, na 300 ni sekunde. Saini hukokotolewa kwa ufunguo wa siri kutokana na jina la faili, tarehe, muda na vigezo vingine. Mtu akibadilisha 300 iwe 86400, hifadhi itakokotoa upya, itaona hazilingani na kujibu SignatureDoesNotMatch. Muda ukipita, jibu ni 403 lenye maneno Request has expired.

Lakini saini inashika jina la faili, haishiki yaliyomo, na hapa wengi hujikwaa. Anwani ya hivi-punde.csv ikitiwa saini Jumatatu asubuhi kwa siku saba, ambazo ndizo kikomo cha S3 kwa saini za aina hii, mwenye nayo anapata faili la Jumatatu na masasisho yote ya usiku hadi muda uishe. Ndiyo maana katika anwani iliyo hapo juu faili lina tarehe katika jina lake na haliandikwi tena juu yake. Faili la Jumanne ni kitu kingine, linahitaji saini nyingine, na saini hiyo haitolewi bila mtu kukaguliwa upya.

Kishawishi cha kurefusha muda huja kutoka kwenye skrini ya ukutani. Dashibodi inaachwa wazi tangu asubuhi, inajaribu kusoma data upya adhuhuri kwa anwani ya zamani, inapata 403, na grafu zinatoweka. Mtu akipigiwa simu na mkubwa wake, anaweka siku saba na tatizo linapotea machoni. Suluhisho la kweli ni ukurasa uombe anwani mpya kila mara kabla ya kusoma. Mtandao wa polepole pia si sababu ya kurefusha: S3 hukagua muda pale ombi linapoanza, kwa hiyo upakuaji uliokwisha kuanza huendelea hata dakika tano zikipita. Ukikatika katikati ndipo anwani mpya inahitajika.

Mipaka ipo. Ndani ya dakika tano anwani humtumikia yeyote aliye nayo. Huwezi kufuta saini moja iliyokwisha kutolewa bila kumnyang'anya aliyeitia idhini yake, na hapo unazizima zote. Faili lililokwisha kupakuliwa halirudi.

Kama unaendesha dashibodi ya aina hii, ijaribu leo. Nakili anwani ya faili lenyewe kutoka kwenye zana za kivinjari, uifungue katika dirisha la faragha ambamo hujaingia kwa nywila. Rudia baada ya dakika kumi, kisha kesho baada ya sasisho la usiku. Ikifunguka kesho na kuonyesha takwimu mpya, ifunge hifadhi kabla ya kurekebisha kitu kingine chochote.